Maji ya kisima kirefu yanatoka wapi: ndani ya granaiti ya Dodoma

Watu wawili wenye viwanja vinavyopakana pembezoni mwa Dodoma wanaweza kumleta fundi yuleyule na mtambo uleule, wakachimba kina kilekile cha mita 80, mmoja akapata maji ya kujaza tenki la lita 5,000 kila baada ya saa mbili na mwingine akaambulia vumbi la mawe. Mtaani utasikia maelezo mawili. La kwanza ni kwamba huyu wa pili hakuupata mkondo. La pili ni kwamba alikata tamaa mapema, angeongeza mita 40 maji yangetoka. Maelezo yote mawili yanatoka kwenye picha moja: kwamba chini ya ardhi kuna mito inayopita gizani, na kazi ya mchimbaji ni kuitoboa.

Katika miamba ya granaiti iliyo chini ya Dodoma, Singida, Tabora na sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, mito ya namna hiyo haipo. Maji yapo, na mahali pengi yapo kwa kiasi cha kutosha kijiji, lakini yamekaa ndani ya mwamba wenyewe, kwenye vijitundu na nyufa, yakisogea polepole sana. Ukielewa yamekaaje, utaelewa pia kwa nini jirani amepata na wewe umekosa, na kwa nini kisima kilichotoa vizuri mwaka wa kwanza kinaweza kuanza kukohoa hewa mwaka wa tatu.

Tabaka la ardhi au mwamba linaloweza kushika maji na pia kuyaachia yaingie kisimani ndilo wataalamu wanaloliita akwifa. Masharti ni mawili, na watu wengi hulikumbuka moja tu. Jaza mchanga mkavu kwenye ndoo ya lita 20, kisha mimina maji taratibu hadi yaonekane juu. Ndoo iliyokuwa "imejaa" mchanga itapokea lita sita au saba za maji, kwa sababu kati ya chembe na chembe palikuwa na nafasi. Toboa tundu chini, na sehemu kubwa ya maji hayo itatoka. Sasa fanya hivyo kwa ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huo una nafasi nyingi kuliko mchanga, unaweza kushika hata nusu ya ujazo wake, lakini ukitoboa chini utasubiri sana kupata matone. Nafasi zake ni ndogo mno, na maji yameng'ang'ania kwenye chembe. Udongo wa mfinyanzi uliolowa chepechepe hauwezi kukupa kisima, ingawa umejaa maji.

Sehemu nyingine za nchi zina akwifa zilizo rahisi kuzielewa. Dar es Salaam iko juu ya matabaka ya mchanga, Unguja ina mawe ya chokaa ya matumbawe yenye mashimo, na miteremko ya Meru na Kilimanjaro imejengwa kwa miamba ya volkano yenye nyufa nyingi. Kila moja ina shida zake: ufukweni maji ya bahari huvutwa ndani pampu zikizidi, na kuzunguka Meru floraidi huwa juu mno kwa meno na mifupa ya watoto. Nabaki na granaiti kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na ndiyo iliyo chini ya mamilioni ya Watanzania.

Granaiti nzima, ile ngumu inayong'aa kwenye vilima vya mawe unavyoviona ukipita Dodoma, haina nafasi ndani yake. Chembe zake zimeshikana kabisa. Lakini miamba hii ina zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, na sehemu yake ya juu imekaa muda mrefu sana ikilowa na kukauka, mpaka madini yake yakaoza. Kwa hiyo ukikata ardhi wima utakuta kwanza udongo mwekundu wa mita chache. Chini yake kuna mwamba uliooza hadi ukawa udongo wa mfinyanzi, ambao bado una rangi za granaiti lakini unaubomoa kwa vidole. Kadiri unavyoshuka, uozo unapungua na udongo unageuka kuwa changarawe za chembe kubwa. Halafu unafika kwenye mwamba mgumu wenye nyufa, na mwisho kabisa mwamba mzima usio na chochote.

Akwifa ya Dodoma ni hiyo sehemu ya katikati: changarawe za chini pamoja na mwamba wenye nyufa. Udongo wa mfinyanzi ulio juu yake nao una kazi muhimu. Unashika maji mengi na kuyadondosha chini kidogo kidogo, mwaka mzima, hata miezi ambayo hakuna mvua. Udongo huhifadhi, nyufa husafirisha. Kisima kikikuta nyufa bila udongo mnene uliolowa juu yake, kitatoa maji mengi siku ya kwanza na kuisha nguvu baada ya wiki chache, kwa kuwa nyufa zenyewe zina ujazo mdogo sana.

Uozo huu haukwenda kina sawa kila mahali. Pale ambapo mwamba ulikuwa umevunjika zamani, maji yalipenya na kuuozesha hadi mita 40 au 50. Hatua mia moja kutoka hapo, ambapo mwamba haukuvunjika, granaiti nzima inaweza kuwa mita tano tu chini ya miguu. Hapo ndipo siri ya wale majirani wawili ilipo. Na ndiyo maana ushauri wa kuongeza mita mara nyingi ni wa kupoteza pesa. Nyufa za granaiti hupungua na kubana kadiri unavyoshuka, kwa uzito wa mwamba ulio juu. Ukishapita eneo la nyufa na mtambo unatoa unga mkavu wa rangi ya kijivu mita baada ya mita, uwezekano wa kukuta maji unazidi kupungua wakati gharama inazidi kupanda. Isipokuwa kama upimaji umeonyesha mpasuko mkubwa unaoshuka chini zaidi, bora kuhama kuliko kushuka.

Upimaji wenyewe, ambao mafundi huuita savei, hautafuti maji moja kwa moja. Mtaalamu huchomeka vyuma viwili ardhini na kupitisha umeme kidogo, kisha kwa vyuma vingine viwili vilivyo katikati hupima jinsi ardhi inavyoupinga. Akiendelea kuvitenganisha vyuma vya nje, umeme hupita kina zaidi, na hivyo anapata picha ya matabaka kutoka juu kwenda chini. Granaiti nzima huupinga umeme sana. Mwamba uliooza na kulowa huupitisha kwa wastani. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi huupitisha kirahisi. Anachotafuta ni mahali ambapo mwamba mgumu uko mbali chini na juu yake kuna tabaka nene la upinzani wa kati. Kikomo cha njia hii kiko wazi: udongo mnene usioachia maji na akwifa nzuri vinaweza kufanana kwenye karatasi, hivyo savei nzuri hupunguza bahati mbaya bila kuiondoa. Mtaalamu anayekuhakikishia maji kwa asilimia 100 anakuuzia kitu ambacho kifaa chake hakiwezi kutoa.

Kuhusu wanaotembea na kijiti au waya, sehemu nyingi zenye mwamba uliooza zina maji kidogo chini, kwa hiyo mtu yeyote akielekeza popote mara nyingi atapatia. Swali zito ni kiasi gani yatatoka, na kijiti hakijibu hilo.

Tuchukue kisima kimoja cha mfano, chenye vipimo vya kawaida kwa mazingira haya, tukifuate mita kwa mita. Mtambo una kompresa kubwa inayosukuma hewa kupitia vyuma vya kuchimbia hadi kwenye nyundo iliyo chini kabisa ya shimo. Nyundo hugonga mwamba mara nyingi kwa dakika huku ikizunguka, na hewa hiyohiyo hupandisha vipande vya mwamba juu. Mchimbaji makini huchota sampuli kila mita na kuzipanga kwa mstari chini, hivyo ukiutazama mstari huo unausoma mwamba kama ulivyo. Kwenye kisima chetu mita 3 za kwanza ni udongo mwekundu. Kuanzia mita 3 hadi 24 ni mfinyanzi wenye rangi ya njano na nyeupe. Mita 24 hadi 36 ni changarawe. Mita 36 hadi 52 ni vipande vikali, vingine vina kutu ya kahawia upande mmoja. Kutu hiyo ni habari njema: maana yake maji yamekuwa yakipita kwenye ufa huo. Kutoka mita 52 hadi 80 ni unga wa kijivu usiobadilika.

Maji yanaonekana kwanza kwenye mita 26. Vumbi linageuka unyevu, unyevu unakuwa tope, kisha maji machache yanarushwa juu. Kwenye mita 41, penye kutu, yanaongezeka ghafla. Baada ya hapo hayaongezeki tena, na mita 28 za mwisho hazikuleta kitu zaidi ya bili.

Asubuhi ya pili, maji yakiwa yametulia, unashusha kipimo na kukuta yako mita 14 kutoka juu. Watu hushangaa: yamekutwa mita 26, yamefikaje mita 14? Ule mfinyanzi wa juu umelowa tangu mita 14, ila ulikuwa haujitokezi wakati wa kuchimba kwa sababu unaachia maji polepole mno. Maji ya kwenye changarawe na nyufa chini yake yamebanwa na uzito wa maji yaliyo ndani ya huo mfinyanzi. Ukitoboa, yanapanda ndani ya shimo hadi kulingana na usawa huo.

Kutoka hapa kazi inaweza kuharibiwa hata kama akwifa ni nzuri. Shimo linatakiwa kuvishwa mabomba ya plastiki magumu: yenye vichanja, yaani matundu membamba, mbele ya changarawe na nyufa, na yasiyo na matundu mbele ya mfinyanzi. Kati ya bomba na ukuta wa shimo humwagwa kokoto ndogo safi za mviringo, ambazo huzuia chembe zisiingie, na sehemu ya juu huzibwa kwa udongo maalumu na saruji ili maji machafu ya juu yasiteremke pembeni mwa bomba. Mchimbaji anayetaka kuokoa muda hutoboa mabomba yote kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Matokeo yake ni kisima kinachotoa maji ya maziwa miezi yote, kwa sababu mfinyanzi unaingia kila pampu inapowashwa. Ukiona maji hayajasafika baada ya kupuliziwa hewa kwa saa kadhaa, usiambiwe yatasafika yenyewe. Muulize vichanja vimekaa mita zipi.

Halafu ndipo swali la kiasi linapojibiwa, kwa kupampu kwa muda mrefu huku usawa wa maji ukipimwa. Wengi hupewa namba moja tu, "kisima chako kinatoa lita 5,000 kwa saa", iliyopatikana kwa kupuliza hewa nusu saa siku ya kuchimba. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu mwezi wa kumi. Kwenye kisima chetu tunapampu lita 2,500 kwa saa. Maji yanashuka haraka mwanzoni, kisha polepole, na baada ya saa kadhaa yanatulia karibu mita 22. Yameshuka mita 8. Kushuka huko ndiko kunakosukuma maji kutoka kwenye mwamba kuja kisimani, kwa hiyo ukitaka maradufu unahitaji yashuke angalau maradufu, yaani mita 16, mpaka mita 30.

Sasa angalia mita 30 iko wapi. Imepita mita 26, mahali ambapo sehemu ya maji inaingia. Usawa ukishuka chini ya hapo, maji ya juu yanaanza kuporomoka ndani ya bomba, na ukitega sikio mdomoni mwa kisima utayasikia. Kuanzia hapo kuzidi kushuka hakuongezi tena chochote kutoka sehemu hiyo, mzigo wote unabaki kwa ufa wa mita 41, na usawa unaporomoka badala ya kutulia. Hewa inachanganyika na maji, chuma kilichoyeyuka ndani yake kinageuka kutu, na utando wa kahawia unaziba vichanja. Kisima hiki ni cha lita 2,500 kwa saa. Pampu ya lita 5,000 itakifanya kionekane kibaya ndani ya miaka michache, na lawama zitaenda kwenye ukame. Dawa ni pampu ndogo, yenye kihisi kinachoizima maji yakifika mita 25.

Kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu kitu na mara nyingi kinarukwa. Ukizima pampu, pima maji yanavyorudi. Yakirejea mita 14 kabla ya muda sawa na ule uliopampu kupita, akwifa ina upana wa kutosha. Yakiishia mita 17 na kukaa hapo, umechota kutoka kwenye mfuko mdogo wa mwamba uliozungukwa na granaiti nzima, na kila siku utauona ukipungua.

Yote hayo yanahusu uwezo wa mwamba kupitisha maji. Bado kuna hesabu ya yanakotoka. Dodoma hupata takriban milimita 550 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hurudi hewani kwa jua na mimea. Tuseme asilimia 2 ndiyo inayofika kwenye akwifa: ni milimita 11, yaani lita 11 kwa kila mita ya mraba. Kisima chetu kikipampu saa 8 kwa siku kinatoa lita 20,000, ambazo kwa mwaka ni lita milioni 7.3. Gawanya kwa 11, utapata mita za mraba zipatazo 664,000, yaani ekari 160 na ushee. Kiwanja ni cha robo ekari, lakini kisima kinakula mvua ya ekari 160. Majirani kumi wakichimba kwenye mtaa mmoja, wote wanachota kwenye ekari hizohizo.

Na hiyo asilimia 2 ni wastani tu, haiji kwa usawa kila mwaka. Hilo tunalijua kwa uhakika kutokana na Makutupora, bonde lililo kaskazini mwa jiji, ambalo visima vyake vimekuwa vikiilisha Dodoma kwa miongo mingi. Usawa wa maji huko umepimwa tangu mwaka 1955, na ni mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina yake katika nchi za joto. Wataalamu wa Tanzania na Uingereza walipozichambua kumbukumbu za miaka 55 na kuchapisha matokeo mwaka 2013, waliona mstari unaoshuka mwaka baada ya mwaka, kisha kupanda ghafla kwa msimu mmoja, kisha kuanza kushuka tena. Misimu saba tu ndiyo iliyoleta asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia katika miaka hiyo 55. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1997/98, zile mvua za El Niño ambazo wengi wanazikumbuka kwa madaraja na barabara zilizosombwa.

Sababu yake inaeleweka. Mvua za kawaida huloanisha sentimita chache za udongo mkavu na kuishia kwenye mizizi. Inatakiwa mvua nzito ifululize mpaka udongo ushibe na makorongo yatiririke. Tafiti za baadaye hukohuko zimeonyesha kwamba sehemu kubwa huingia kupitia vitanda vya mchanga vya makorongo hayo, ambayo karibu mwaka mzima ni makavu na ambayo watu huyachukulia kuwa machimbo ya mchanga wa kujengea. Mchanga ukichotwa hadi kufikia mfinyanzi, mlango huo nao hufungwa.

Hapa namba ndogo za granaiti zinaonyesha makali yake. Mwamba uliooza huachia karibu asilimia 2 tu ya ujazo wake, hivyo milimita 11 za maji zikiingia, usawa hupanda zaidi ya nusu mita. Zikitolewa, hushuka nusu mita. Kisima chetu kina mita 22 za mwamba laini uliolowa, kati ya mita 14 na 36, na ndani yake kuna takriban lita 440 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ndiyo akiba ya kuvukia miaka kati ya mvua kubwa moja na nyingine, na inaweza kuwa miaka kumi.

Kwa hiyo usawa wa maji kushuka miaka mitatu mfululizo hakumaanishi kwamba kisima kinakufa, na kupanda kwa msimu mmoja hakumaanishi kwamba kimepona. Ili kutofautisha, wakati wa kufunga pampu mwambie fundi ateremshe pembeni yake kibomba chembamba cha kupitishia kipimo, kifike chini ya usawa wa kuzimia pampu. Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kuwasha, na uandike tarehe na mita kwenye daftari. Usawa wa asubuhi ukishuka kidogo kidogo na ule wa wakati wa kupampu ukishuka kwa kiasi hichohicho, akwifa ndiyo inayopungua, na wenye visima vyote vya eneo hilo wanapaswa kupunguza saa za kupampu. Usawa wa asubuhi ukibaki mita 14 lakini ule wa kupampu ukihama kutoka 22 hadi 24, mwamba hauna tatizo: vichanja vimeziba, na fundi mwenye kompresa anaweza kuvisafisha.